Isome Balbu Kabla ya Kuilaumu Simu

Kila Desemba simu za watu hujaa picha zinazofanana. Nyumba imepambwa, taa zimezungushwa kwenye nguzo za baraza, nyingine zimening'inizwa kutoka kwenye paa hadi kwenye mwembe wa uani, na kila anayepita getini anasifu. Picha inayotoka ni giza lenye madoa meupe. Taa nyekundu zimekuwa za njano, za bluu zimekuwa nyeupe, ukungu umetanda kila palipo na mwanga, na watoto waliosimama mbele hawana nyuso. Aliyepiga anailaumu simu yake, kisha anamtazama kwa wivu mwenye simu ya milioni mbili.

Mara nyingi simu haina kosa. Hata simu ya bei ya kawaida, ya miaka hii ya karibuni, inaweza kuzipiga taa hizo zikatoka na rangi zake, ilimradi aliyeishika ajue kilichoharibika ni nini. Na jibu limo ndani ya picha yenyewe. Ifungue, ikuze kwa vidole viwili mpaka balbu moja ijae kwenye kioo, kisha itazame umbo lake. Balbu iliyotoa miale mirefu ya ukungu inakuambia lenzi ni chafu. Iliyorefuka ikawa kistari kilichopinda inakuambia mkono ulitikisika. Iliyovimba ikawa duara kubwa laini, fokasi ilikosea. Na ile yenye kiini cheupe na rangi pembezoni tu, mwanga ulizidi. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya huu haitibu ule. Ndiyo maana mtu hununua stendi ya simu, akaisimamisha vizuri, na ukungu ukabaki palepale.

Tuanze na mwanga uliozidi, kwa sababu ndio unaoua rangi, na bila rangi hakuna mapambo. Kamera ya simu ikiachwa ijiamulie yenyewe, huipima picha yote kwa jumla na kutafuta wastani: isiwe nyeusi sana, isiwe nyeupe sana. Usiku sehemu kubwa ya picha ni giza la anga, ukuta na ua. Simu inaliona giza hilo, inaamua mwanga hautoshi, na inauongeza kwa kila kitu, balbu zikiwemo. Ukuta unaonekana, ni kweli, lakini balbu zimekwisha kuungua.

Ndani ya kamera kuna kitambuzi chenye vipokezi vidogo mno, kila kimoja kimefunikwa kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Vichukulie kama ndoo zilizotegwa kwenye mvua. Balbu nyekundu huijaza haraka ndoo ya nyekundu, na ndoo ikishajaa haipokei zaidi. Lakini vichujio havizuii kila kitu. Kiasi kidogo cha mwanga wa balbu ileile hupenya kwenye ndoo ya kijani na ya bluu, nazo zinaendelea kupanda polepole. Nyekundu imesimama, kijani kinapanda, na rangi inayoonekana inakuwa ya chungwa, halafu ya njano. Zikijaa zote tatu, balbu inakuwa nyeupe. Kwa mwendo huohuo taa ya bluu hupauka ikawa ya rangi ya maji, kisha nayo ikapotea. Na rangi ikishapotea hivyo, hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuirudisha, maana simu haikuandika popote kwamba balbu ile ilikuwa nyekundu.

Kwa hiyo rangi huokolewa kabla ya kubonyeza. Gusa kioo pale palipo na balbu, ushikilie kidole kwa sekunde moja au mbili. Kwenye aifoni yataandikwa maneno AE/AF LOCK. Kwenye simu nyingi za Android hutokea alama ya kufuli. Maana yake kamera imekubali kuacha kubadilisha mwanga na fokasi kila inapotikiswa. Karibu na hapo utaona kijua kidogo au mstari wa kuteleza. Uteleze kuelekea kwenye giza, huku ukiitazama balbu na si ukuta, mpaka rangi irudi katikati ya balbu. Ukuta utafifia, na wengi hapo huogopa wakarudisha kidole juu. Usirudishe. Sehemu yenye giza huweza kuinuliwa kidogo baadaye, lakini balbu iliyoungua imekwenda.

Hata hivyo giza la ukuta ni hasara ya kweli. Saa 3 usiku, balbu na ukuta vinapishana mwanga kupita uwezo wa kitambuzi cha simu. Ukiilinda balbu, nyumba inapotea. Ukiifuata nyumba, balbu inaungua. Wanaoishi kwa kupiga picha wanalijua hili, na ndiyo sababu picha nyingi nzuri za taa za usiku hazikupigwa usiku. Hupigwa magharibi, jua likishazama na anga likiwa bado lina bluu. Wakati huo anga linaimwagia nyumba mwanga laini unaotosha kuonyesha paa, ukuta na majani ya mwembe, bila kuzishinda taa. Kwetu karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo muda huo ni mfupi, dakika ishirini na kitu tu tangu jua lizame. Anayesubiri mpaka baada ya chakula ameukosa.

Tuichukue nyumba moja ya Dar es Salaam, mkesha wa Krismasi. Mwishoni mwa Desemba jua la Dar huzama kama saa 12 na dakika 40 jioni. Taa ziwashwe mapema, saa 12 na nusu, na mpigaji awe ameshachagua mahali pa kusimama. Dakika 10 baada ya jua kuzama anapiga picha ya kwanza, kisha anaendelea kupiga kila baada ya dakika mbili au tatu mpaka saa 1 na dakika 5 hivi, bila kusogea. Picha za mwanzo zitakuwa na anga jeupe na taa hafifu. Za mwisho zitakuwa na anga jeusi na taa kali. Katikati kutakuwa na mbili au tatu ambazo anga limekolea bluu, ukuta unasomeka na kila balbu ina rangi yake. Hizo ndizo za kubaki nazo.

Simu yake ikiwa na sehemu iliyoandikwa Pro, anaweza kuweka vipimo kwa mkono. ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ilioupokea, aiweke 200. Ikipanda hadi 1600 au 3200, picha ya usiku hujaa chengachenga na rangi hufifia. Kwenye S, ambao ni muda wa kupokea mwanga, aanze na 1/25, kisha aitazame balbu: ikiwa ina kiini cheupe, ashuke hadi 1/50. Kwenye WB, inayotawala rangi ya jumla ya picha, asiiachie simu. Simu ikiona taa za njano iliyopoa, zile zenye joto la 2700K hadi 3000K, huweza kudhani ni kasoro ikazisafisha mpaka zikafanana na taa za zahanati. Akiiweka karibu na 3500K, zinabaki na unjano wake na anga linazidi kuwa la bluu. Kwa simu isiyo na sehemu hiyo, kijua kikishushwa na muda ukichaguliwa vizuri, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Namba 1/25 na 1/50 zina sababu nyingine. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu za LED zinazochomekwa ukutani huwaka na kuzimika kwa mapigo hayo, mara 50 au 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona, kwa sababu kitambuzi cha simu husoma picha mstari baada ya mstari. Ukitumia 1/250, baadhi ya mistari husomwa taa zikiwa zimezimika, na picha hutoka na mikanda ya giza iliyolala, au nusu ya mnyororo wa taa inaonekana imekufa. Muda wa 1/50 au 1/25 humpa kila mstari mapigo kamili, na mikanda inatoweka. Ndugu aliyeko Marekani au Kanada, ambako umeme hubadilika mara 60, atumie 1/60 au 1/30. Taa za betri na za sola haziendi na mapigo hayo. Nyingine zina mapigo yake zenyewe, kwa hiyo piga moja ya majaribio kwanza.

Kuna na kumetameta kunakoonekana kwa macho, kule kunakotoka kwenye kile kisanduku kidogo chenye kitufe. Bonyeza mpaka taa ziwake bila kuzima. Kwenye visanduku vingi hatua hiyo imeandikwa STEADY ON, nayo huwa ya mwisho katika orodha. Taa zinazokimbizana zinapendeza kwenye video. Kwenye picha moja zinaleta ubishi tu kwa nini upande mmoja wa nyumba una giza.

Sasa ukungu na miale. Lenzi ya simu ipo mahali ambapo kidole cha shahada hupenda kupumzika, na mafuta ya ngozi yakitandazwa juu yake huwa filamu nyembamba isiyoonekana mchana. Usiku kila balbu huisaliti. Tena miale hukata mkabala na alama za mpanguso: lenzi iliyofutwa kwa kidole kutoka juu kwenda chini hutoa miale ya kulala, kushoto na kulia. Ukiona miale yote ya picha inaelekea upande mmoja, usitafute sababu nyingine. Pumulia lenzi kidogo, ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicho kikavu na safi, kwa mwendo wa kuzungusha. Pindo la fulana uliyoivaa kutwa lina jasho, litatandaza tu mafuta mengine.

Wakazi wa pwani wana shida yao ya ziada. Simu iliyokuwa kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla kwenye hewa nzito ya Dar, Mombasa au Unguja, mvuke huganda juu ya lenzi papo hapo. Picha inatoka kama imepigwa ndani ya bafu la maji moto. Usihangaike kufuta, utarudi tena. Iache simu nje dakika chache mpaka ipate joto la hewa ya pale.

Kisha kuna yale madoa ya kijani au ya bluu yanayoelea angani kwenye picha, mahali pasipo na taa yoyote. Hayo si uchafu. Ni mwanga mkali ulioingia kwenye lenzi, ukagonga kioo cha ndani na kurudi. Utayatambua hivi: sogeza simu taratibu, na taa ikienda kushoto kwenye kioo, doa litakwenda kulia. Kila doa lina taa yake upande wa pili wa kitovu cha picha. Mara nyingi mkosaji si taa za mapambo bali ile taa kubwa ya ulinzi iliyo juu ya geti. Izime kwa dakika mbili, hakuna mwizi atakayeingia wakati familia nzima iko uani. Kama ni taa ya barabarani isiyozimika, jifiche nyuma ya nguzo au tawi likaikinge, au simama ambapo itatoka nje ya picha kabisa na kuizuia kwa kiganja kilichonyanyuliwa pembeni ya lenzi. Na kile kioo cha ziada kinachobandikwa juu ya kamera ili isichubuke huongeza madoa haya. Kwa picha za usiku, kibandue.

Kutikisika ni habari fupi zaidi. Muda wa 1/25 ni mrefu kwa mkono uliokunjuliwa mbele, na kadiri giza linavyozidi simu huongeza muda huo yenyewe bila kukuuliza. Kama vistari vyote vya balbu vimepinda namna moja, ulitikisika wewe. Kama balbu ni nukta safi na mtoto tu ndiye amechanganyika, alisogea yeye. Egemea nguzo au ukuta, bana viwiko mbavuni. Afadhali zaidi, weka kigoda juu ya meza, juu yake mfuko wa kilo moja ya mchele, na simu iliyolala ubavu uichimbie humo. Mchele hushika simu katika pembe unayotaka, na hauna gharama kwa sababu utapikwa kesho yake. Kisha tumia kipima muda cha sekunde 2 au 3, maana kule kubonyeza kitufe nako hutikisa.

Usivute picha kwa vidole ili kuisogeza karibu. Kitufe cha 1x ndicho chenye lenzi inayopokea mwanga mwingi kuliko zote karibu kwenye kila simu, na ukibonyeza 2x au 3x gizani, simu nyingi huikata tu picha ya lenzi hiyohiyo na kuitanua. Tembea kwenda karibu. Fokasi nayo hupotea pale simu inapotafuta cha kushika kwenye anga tupu. Iguse mahali penye mpaka mkali, mathalani pale balbu inapokutana na nguzo.

Na ile alama ya mwezi? Hali ya usiku hupiga picha nyingi kwa mfululizo, ikazipanga moja juu ya nyingine na kuchukua kilicho bora katika kila moja. Ni kazi nzuri, na kwa nyumba isiyosogea yenye taa zisizometa inasaidia kweli. Lakini ilitengenezwa ili kuondoa giza, na sisi hapa tunalihitaji giza kiasi. Ukiiacha huru, anga linakuwa la kahawia na taa zinatapakaa. Itumie huku umeshusha kijua, au izime. Taa zikiwa zinakimbizana, izime bila kufikiri, kwa sababu itaziunganisha zote ziwe kama ziliwaka kwa pamoja.

Wamebaki watu, na hapa ndipo picha nyingi za familia huvunjika. Mpigaji huwapanga ndugu wakiwa wameipa taa migongo, wameibana, kisha anawasha flashi. Flashi ya simu hufika mita mbili au tatu tu. Inazipaka nyuso mng'aro wa mafuta, inayafanya macho yawe mekundu, na nyuma yao panabaki weusi. Bila flashi, nyuso nazo zinakuwa weusi mtupu, zaidi kwetu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu simu inapima taa zilizo nyuma. Bibi akitumiwa picha hiyo atauliza ni wajukuu wa nani.

Wasogeze watu mbele, mita tatu au nne kutoka kwenye taa, wawe karibu nawe kuliko na mapambo. Taa za nyuma zitalainika, jambo ambalo hapa linapendeza. Kisha watafutie nyuso mwanga wao. Ulio bora ni wa mlango wa baraza uliofunguliwa, taa ya sebuleni ikiwatokea upande mmoja. Usipokuwepo, mwombe mtu awashe tochi ya simu nyingine, asiwaelekezee wao bali aipige kwenye ukuta mweupe au kwenye shuka jeupe lililokunjuliwa pembeni yao, mwanga urudi kwao ukiwa umelainika. Gusa uso kwenye kioo, ushikilie, halafu shusha kijua kidogo tu. Waambie wasitikisike kwa sekunde moja, na upige tatu nne mfululizo. Mtu mmoja lazima atapepesa macho.

Wakati wa kuhariri, gusa vitu viwili basi. Shusha Highlights ili balbu zitulie, na uinue Shadows kidogo kama ukuta umezama. Saturation iache. Ikipandishwa, taa nyekundu hukosa mpaka na kuwa bonge moja, na ngozi za watu zinageuka rangi ya karoti.

Mwisho, kumbuka kwamba WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na anga la magharibi lililokuwa laini linafika likiwa na ngazi ngazi. Ukimtumia ndugu picha unayotaka aichapishe au aiweke ukutani, ichague kupitia Document na si Gallery. Itakula bando zaidi, lakini itafika kama ilivyopigwa.